Dakika za Mwalimu Mmoja: Kupanga Wiki ya Darasa Mseto

(Haya ni maneno niliyosema mbele ya walimu wenzangu kwenye mafunzo ya darasa mseto. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyokuwa ukutani nimeieleza kwa maneno.)

Walimu wenzangu, hamjambo?

Nimeombwa niseme namna ya kupanga wiki pale ambapo mwalimu ni mmoja, chumba ni kimoja, na wanafunzi ni wa madarasa mawili, matatu au zaidi. Nitaongea kuhusu wiki, wala si kuhusu mwaka mzima au somo moja. Azimio la kazi mnalo. Andalio la somo mnalijua. Katikati ya hivyo viwili kuna karatasi moja ya wiki, na kwenye darasa mseto karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama Jumatano saa nne utakuwa unafundisha au unazima moto.

Nianze na swali. Ukikaa kupanga wiki yako, unaanza kuandika nini?

Wengi wetu tunaanza na masomo. Hesabu hapa, kusoma pale, sayansi kule. Halafu chini ya kila somo tunaandika mada ya Darasa la Pili, mada ya Darasa la Tatu, mada ya Darasa la Nne. Karatasi inajaa na inapendeza. Lakini iangalie tena: yuko wapi mwalimu? Saa tatu na dakika kumi mwalimu anaongea na nani? Karatasi haisemi. Inasema madarasa matatu yanajifunza mada tatu mpya kwa wakati mmoja, na inamwachia mwalimu mwenyewe atafute miili mitatu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: anza na dakika zako. Kabla ya somo, kabla ya mada, jiulize, dakika zangu ni ngapi?

Tuzihesabu pamoja. Chukua kipindi cha hesabu cha dakika 60 asubuhi, madarasa matatu, tuseme Darasa la Pili lina watoto 12, la Tatu 9 na la Nne 8. Dakika 5 za mwanzo zinakwenda kwenye kuwatuliza wote na kumwonyesha kila mmoja kazi yake iko wapi. Dakika 4 za mwisho ni za kukusanya na kufunga. Toa dakika 6 za kuzunguka, maana hauwezi kutoka kundi moja kwenda jingine bila kupita katikati na kuona nani amekwama. Zimebaki 45. Ukizigawa sawa, kila darasa linapata 15. Kwa siku tano, kila darasa limepata dakika 75 za mwalimu wake. Mwenzako mwenye darasa moja anazo 300.

Nawaambia hivyo ili tuache kupanga kana kwamba tuna 300. Mwenye 75 akijaribu kufundisha mada mpya kila siku kwa kila darasa, hafundishi hata moja. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la kijana mmoja, mwalimu hodari, anayejua hesabu vizuri. Alikuwa amezigawa dakika kwa haki kamili: 20, 20, 20, hata muda wa kuzunguka hakuutenga. Akaanza na Darasa la Pili. Alipofika kwenye mfano wa pili, muda ukaisha, akawapa zoezi akahamia Darasa la Tatu. Huko akakuta watoto wamesubiri dakika 20 bila kazi yenye maana, ikabidi awatulize kwanza, kisha awakumbushe walipoishia jana, kisha ndipo aanze. Zile 20 hazikufika hata 15. Alipokuwa kwa Darasa la Nne, Darasa la Pili walikuwa wamesimama foleni nyuma yake, daftari mkononi, kila mmoja akiuliza, "Mwalimu, hivi ndivyo?" Siku ile alianzisha masomo matatu na hakumaliza hata moja. Na kesho yake alianza tena na masomo matatu mengine, kwa sababu karatasi yake ilisema hivyo.

Kosa lake lilikuwa nini? Uvivu? Hapana. Alikuwa amegawa sawasawa. Na mgawanyo wa sawasawa, katika darasa mseto, ndio unaomaliza dakika bila kumfikisha mtu popote.

Hapo ndipo nakuja kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe kuliko mengine yote niliyo nayo leo. Mpeni kila darasa siku yake nzito. Siku nzito ni siku ya mada mpya. Darasa moja tu linakuwa na siku nzito kwa siku moja, kwa somo moja. Mengine mawili siku hiyo yana siku nyepesi: yanajiandaa kwa mada inayokuja, au yanafanyia mazoezi mada iliyokwisha kufundishwa.

Sasa zile dakika 45 zigawe upya. Darasa lenye siku nzito linapata 25. Mengine yanapata 10 kila moja. Jumatatu siku nzito ni ya Darasa la Tatu. Jumanne ni ya Darasa la Pili. Jumatano ni ya Darasa la Nne. Kufikia Jumatano jioni, kila darasa limepata 25, na 10, na 10. Jumla ni 45 kwa kila mmoja, yaani sawasawa kabisa na yale ya kugawa 15, 15, 15. Dakika hazikuongezeka hata moja. Kilichobadilika ni kwamba kila darasa limepata mara moja muda wa kutosha kufundishwa jambo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi na Ijumaa nitazirudia. Kwanza tujaze hizi siku tatu, maana siku nzito bila siku nyepesi iliyopangwa vizuri ni kazi bure.

Tuchukue wiki halisi ya hesabu. Darasa la Tatu wanajifunza kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa tarakimu moja, mfano 34 × 6. Darasa la Pili wanajifunza kutoa kwa kukopa, mfano 52 − 27. Darasa la Nne wanalinganisha sehemu zenye asili tofauti: ipi kubwa, 2/3 au 3/4?

Jumatatu, siku nzito ni ya Darasa la Tatu. Darasa la Nne wafanye nini siku hiyo? Wengi wetu tungewapa zoezi lolote la sehemu kutoka kitabuni ili watulie. Lakini tujiulize: Jumatano nitakapowafundisha kulinganisha 2/3 na 3/4, watahitaji kujua nini ambacho wanaweza kukifanya leo bila mimi? Watahitaji vigawe. Ili 2/3 iwe 8/12 na 3/4 iwe 9/12, mtoto lazima aione 12 haraka kwenye vigawe vya 3 na vya 4. Kwa hiyo Jumatatu Darasa la Nne wanaandika vigawe vya 2 hadi vya 9, kumi kumi kwa kila namba, wanazungushia duara zile zinazojitokeza mara mbili. Kazi hiyo haimhitaji mwalimu, inakula dakika 30 na zaidi, na Jumatano inaniokolea dakika 10 za kukumbushana. Karatasi ile ya vigawe wanaibandika kwenye daftari na kuitumia wiki nzima.

Na Darasa la Pili, Jumatatu? Wana vijiti na nyuzi. Wanafunga mafungu ya kumi kumi. Kadi inasema 52: wanaweka mafungu matano na vijiti viwili. Kisha kadi ina picha ya fungu moja lililofunguliwa: sasa wana mafungu manne na vijiti 12. Wanachora. Kadi inayofuata, 43. Inayofuata, 61. Sijasema neno "kukopa" hata mara moja. Jumanne nitakapofundisha 52 − 27, mtoto atakuwa ameshafungua fungu kwa mikono yake mara kadhaa, na mimi nitamwonyesha tu namna ya kuliandika kwenye daftari.

Mnaona kamba inayounganisha? Siku nyepesi kabla ya siku nzito inaandaa. Siku nyepesi baada ya siku nzito inazoesha. Ukiandika kazi kwenye karatasi ya wiki na hauwezi kusema inaandaa nini au inazoesha nini, ifute. Hiyo ni kazi ya kunyamazisha watoto, na watoto wanaijua.

Sasa tuingie ndani ya Jumatatu yenyewe, dakika kwa dakika, maana hapa ndipo wengi huniambia, "Mwalimu, kwenye karatasi inakubali, darasani inakataa."

Dakika 0 hadi 5, wote pamoja. Kila kundi linaona kazi yake. Dakika 5 hadi 10 niko na Darasa la Pili, nawaanzishia kadi ya kwanza. Mbona nianze na wao, wakati siku nzito ni ya Darasa la Tatu? Kwa sababu hawa ndio hawawezi kuanza kwa kusoma maelezo peke yao. Dakika 10 hadi 25 niko na Darasa la Tatu: 34 ni 30 na 4, 30 mara 6 ni 180, 4 mara 6 ni 24, jumla 204. Mfano wangu mmoja, mfano wa pamoja mmoja, kisha nawaachia maswali mawili wajaribu. Dakika 25 hadi 30 narudi kwa Darasa la Pili. Dakika 30 hadi 40 niko tena na Darasa la Tatu, na sasa nina majaribio yao mbele yangu: nani amezidisha 3 badala ya 30, nani amesahau kujumlisha. Dakika 40 hadi 50 ni za Darasa la Nne. Zilizobaki ni za kuzunguka na kufunga.

Tazameni mambo mawili hapo. Kwanza, zile dakika 10 za Darasa la Pili nimezikata mara mbili, 5 na 5. Mtoto wa miaka saba au minane akiachwa peke yake kwa nusu saa, kazi inageuka mchezo. Robo saa, au dakika 20, anaiweza. Wale wa Darasa la Nne wamekaa bila mimi dakika 35, na wanaweza, mradi kazi ina sehemu mbili ili mwenye kasi asimalize mapema. Pili, zile 25 za siku nzito nazo nimezikata, 15 na 10, na katikati watoto wanajaribu peke yao. Kule kuondoka kwangu kumefanya kazi. Nikirudi, sirudii maelezo. Naanza na makosa yao.

Baadhi yenu mtasema darasa la mtihani ndilo lipewe dakika nyingi. Najua shinikizo hilo. Wazazi wanauliza matokeo ya darasa la mwisho, hawaulizi kama Darasa la Pili wanajua kukopa. Sitawaambia muwe mashujaa. Nawaomba jambo moja tu: kila Ijumaa, jumlisheni dakika ambazo kila darasa limepata kweli. Mwalimu mmoja mwenye uzoefu mrefu alifanya hivyo kwa wiki chache akaona darasa lake dogo linapata chini ya nusu ya dakika za kubwa, kila wiki, bila yeye kuamua hivyo popote. Zilikuwa zikihama zenyewe, 5 hapa, 5 pale, kwa sababu wakubwa wanajua kuuliza na wadogo wanajua kunyamaza. Na watoto wale wakifika darasa la mtihani wataanza kufundishwa kukopa huko.

Sasa tuseme kuhusu ile kazi ya peke yao. Kati ya dakika 60, hata mtoto mwenye siku nzito anakaa bila mwalimu karibu nusu, na mwenye siku nyepesi zaidi ya nusu. Kwa hiyo kazi isiyo na mwalimu ndiyo sehemu kubwa ya wiki yake. Je, tunaipangia muda kiasi gani? Tunaandika "zoezi ukurasa wa 14", basi.

Nina maswali matatu ninayouliza juu ya kila kazi ya peke yao kabla sijaiandika kwenye karatasi ya wiki. Mtoto anaweza kuianza bila kuniuliza? Atajua amemaliza? Atajua kama amepata au amekosa?

Kazi nyingi zinaanguka kwenye swali la tatu. Na kuanguka huko kuna gharama ambayo haionekani siku ile ile. Kuna mwalimu aliyewapa watoto maswali 20 ya kutoa, siku mbili mfululizo, akiwa amebanwa na darasa jingine. Alipokusanya daftari, msichana mmoja alikuwa amefanya yote 20, mwandiko safi, yote kwa njia moja: kila mahali alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Kwa 52 − 27 ameandika 35, kwa sababu 7 toa 2 ni 5. Swali baada ya swali. Amejizoeza kosa lile mara 20, na kosa lililozoeshwa mara 20 halitoki kwa dakika 10.

Dawa yake ni rahisi, na inaingia kwenye mpango wa wiki, si kwenye akili ya mwalimu siku ile. Maswali matatu ya kwanza yana majibu nyuma ya kadi. Mtoto anafanya matatu, anageuza kadi, anajisahihisha. Akipata yote au mawili, anaendelea. Akikosa mawili au zaidi, anasimama hapo, anaweka kadi nyekundu juu ya meza, na anachukua kazi ya akiba ambayo ni ya kitu anachokijua tayari. Hanifuati. Nikizunguka, naona nyekundu. Ndiyo maana zile dakika 6 za kuzunguka hazipaswi kuliwa na kitu kingine chochote.

Utajuaje kazi uliyoipanga haifai? Usingoje daftari. Ukiona foleni nyuma yako, kazi imeshindwa swali la kwanza. Ukisikia kelele zinapanda kundi zima kwa pamoja, wamemaliza, au hawajui kama wamemaliza. Na ukiona kundi limetulia mno, daftari wazi, kalamu hazitembei, nenda haraka. Hao wamekata tamaa kwa adabu. Andika kwenye karatasi yako ya wiki dakika ambayo kelele zilianza. Wiki ijayo utajua kazi ya aina ile ina urefu gani hasa.

Wako waliofikia mbali na jambo hili. Nchini Kolombia, tangu miaka ya 1970, shule za vijijini zenye walimu mmoja au wawili zimejengwa juu ya vijitabu vya kujifunzia ambavyo mtoto anavisoma na kuvifuata mwenyewe, kwa kasi yake, akiwa kwenye kundi dogo. Mfumo huo unaitwa Escuela Nueva, yaani Shule Mpya. Sisi huenda hatuna vijitabu hivyo. Lakini wazo tunaweza kulichukua leo: maelekezo yanaandikwa kwa ajili ya mtoto. "Chukua vijiti 40. Funga kumi kumi. Chora ulichopata." Hayo mtoto anayaelewa. "Wanafunzi wabaini thamani ya tarakimu" ni maneno ya mkaguzi.

Na wale ambao bado hawajui kusoma? Wao maelekezo yao ni picha, au ni mtoto mkubwa. Naomba tuwe waangalifu hapo. Mtoto wa Darasa la Nne kumsomea wa Darasa la Pili kwa dakika 10, mara mbili kwa wiki, ni faida kwa wote wawili. Lakini ukimwona mtoto yule yule, mara nyingi ni msichana mwerevu, amekuwa mwalimu msaidizi kila siku, umemnyang'anya masomo yake. Kwenye karatasi ya wiki andika jina la anayesaidia na siku. Likijitokeza jina moja mara tatu, badilisha.

Sasa, mpaka hapa nimeongelea hesabu peke yake, na kuna anayejiuliza: siku nzito kwa kila somo, kwa kila darasa, mwalimu ataishi? Hataishi. Ndiyo maana si kila somo linapaswa kutenganishwa.

Hesabu na kusoma hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Hauwezi kumrukisha mtoto. Hayo yatenganishe. Sayansi, maarifa ya jamii, sanaa, michezo, mengi ya hayo hayategemeani hivyo. Hayo yaunganishe: mada moja, maelezo mamoja ya mwalimu, kazi tatu tofauti.

Mwalimu mmoja aliniruhusu nishuhudie somo lake la kivuli. Alisimika kijiti uwanjani asubuhi. Aliongea na wote pamoja dakika 20: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia upande gani. Kisha kila baada ya saa moja walitoka kukipima. Darasa la Pili walipima kwa vijiti vidogo na kuchora kivuli kirefu na kifupi. Darasa la Tatu walipima kwa sentimita na kujaza jedwali la saa na urefu. Darasa la Nne walichukua jedwali lile la wenzao, wakachora grafu, wakaandika kwa nini kivuli cha adhuhuri ni kifupi kuliko vingine. Dakika 20 za mwalimu zimetosha madarasa matatu. Angetenganisha, angetumia 60, na Darasa la Nne wasingekuwa na jedwali la kuchorea grafu.

Ila kuna mtego. Mwakani yule wa Darasa la Tatu atakuwa Darasa la Nne, na ukirudia kivuli, atasema, "Hii tulishafanya," naye atakuwa sahihi. Kwa hiyo masomo ya kuunganisha yanapangwa kwa mzunguko. Ukiunganisha madarasa mawili, gawa mada zao zote katika Mwaka A na Mwaka B. Ukiunganisha matatu, mzunguko ni wa miaka mitatu. Kila mtoto anazipata zote, mwingine akianzia A, mwingine akianzia B. Weka daftari moja la mada zilizokwisha kufundishwa, na likae shuleni. Mwalimu akihama na daftari lile, anayekuja anaanza upya na watoto wanapoteza nusu ya mada bila mtu kujua. Na kabla ya kuzungusha, angalieni mitihani yenu inataka nini na lini, maana mzunguko hausogezi tarehe ya mtihani.

Sasa Alhamisi na Ijumaa. Nilisema nitarudi.

Alhamisi sina darasa lenye siku nzito. Zile dakika 45 hazina darasa; zina watoto. Nachukua kadi nyekundu za Jumatatu hadi Jumatano na kuita majina. Huenda watoto wawili wa Darasa la Nne wamekwama kwenye sehemu kwa sababu 6 mara 7 hawaijui. Hao wanakaa na wale wa Darasa la Tatu wanaosumbuliwa na kuzidisha. Hapa darasa mseto lina jambo ambalo mwenzetu mwenye darasa moja hana: mtoto kukaa na wa chini yake halionekani kuwa adhabu, kwa sababu wote wako chumba kimoja kila siku.

Ijumaa nawapa kila darasa maswali matano ya wiki hiyo. Nusu saa inatosha kufanya na kusahihisha pamoja. Nusu saa nyingine kwenye karatasi yangu haina kitu. Nyeupe.

Hapo ndipo walimu hunikatalia. "Mkaguzi akiikuta nafasi tupu atasema nini?" Andika "kumalizia kazi za wiki", hakuna mkaguzi mwenye akili atakayeigombea. Lakini usiijaze. Wiki ina mvua, ina mtoto anayeugua, ina mgeni wa ghafla, ina kikao. Namfahamu mwalimu aliyekuwa na mpango uliojaa hadi ukingoni, kila dakika ina kazi. Jumanne mvua ilipiga bati mpaka sauti haikusikika, siku nzito ya Darasa la Pili ikapotea. Hakuwa na mahali pa kuiweka, akaisukuma hadi wiki iliyofuata, ikagongana na mada mpya ya wiki hiyo. Baada ya mwezi, Darasa la Pili walikuwa nyuma wiki tatu, na kwenye karatasi yake walikuwa sawa kabisa, maana karatasi ilikuwa inaandikwa upya kila Jumatatu kutoka kwenye azimio la kazi, bila kuangalia nyuma.

Kwa hiyo andikeni mpango kwa penseli, na Ijumaa kabla ya kuondoka pitieni kila kisanduku. Kilichofanyika, tiki. Kilichoanza kikakwama, duara. Ambacho hakikufanyika, mshale kuelekea ile nusu saa nyeupe, na kama haikutosha, mshale kwenda Jumatatu. Mpango wa wiki ijayo unaanza na mishale na duara, ndipo azimio la kazi linafuata. Ukiona darasa lina mishale miwili, wiki ijayo lisipewe mada mpya. Lifungie mlango wiki moja.

Kabla sijapanda hapa, mwalimu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Wewe unaongelea madarasa matatu. Mimi ninayo sita. Je?"

Dakika 45 kwa madarasa sita ni 7 na nusu kila moja. Haiwezekani, na mwalimu asiambiwe kwamba inawezekana kwa kujituma. Ninachojua kinachofanyika ni kuyafanya sita yawe makundi matatu: la kwanza na la pili, la tatu na la nne, la tano na la sita. Kila kundi linapewa siku nzito moja kwa hesabu, na ndani ya kundi mada inakuwa moja yenye ngazi mbili. Wote wanatoa, mmoja anatoa 52 − 27, mwingine 502 − 127. Utapoteza kitu: kasi ya kwenye mtaala hautaifikia kwa kila darasa, na utalazimika kuchagua mada za hesabu ambazo zingine zinasimama juu yake, kama thamani ya tarakimu, kuzidisha na sehemu, kisha mada nyingine uzipitie kwa haraka. Uchaguzi huo ufanye wazi, uuandike, umwonyeshe mkuu wako mwanzoni mwa muhula.

Sasa chukueni karatasi zenu. Chora safu ya kwanza, juu yake andika "Mwalimu", na uijaze hiyo kabla ya safu nyingine zote. Nitapita kwenye meza. Mwenye swali ainue kadi nyekundu.

Asanteni.